Sikupigii, sikupigia, sikukupigia: jedwali la kitenzi lipangwe vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili wageni watano wanaofanya kazi hapa Moshi. Nimewaandikia jedwali la vitenzi la kurasa nne, nafsi zote na nyakati zote, na wamelikariri. Lakini mtu akitaka kuniambia kwamba jana hakunipigia simu, anasema "sikupigii simu jana" au "sikupigia simu jana". Jedwali langu lina kasoro gani, na viambishi vya mtendwa niviingize wapi bila kuwachanganya?

Jibu: Marahaba. Bila shaka kila neno ulilowaandikia ni sahihi. Kasoro iko kwenye mpango: jedwali la kurasa nne linaorodhesha maneno yaliyokwisha kuundwa, na mwanafunzi anayakariri kama picha. Ukichukua nafsi sita, nyakati nne, yakinishi na kanushi, umepata maneno 48 ya kitenzi kimoja. Ukiongeza mtendwa wa nafsi sita, unakaribia 300, na hujagusa kitabu, barua wala maji. Hakuna anayeyakariri hayo yote. Mwanafunzi akikwama anachukua picha iliyo karibu na anayoitaka, na ndivyo "sikupigii" inavyojikuta ikisemwa kuhusu jana.

Weka jedwali la nafasi badala ya jedwali la maneno. Kitenzi cha Kiswahili kina viti vilivyopangwa kwa foleni, na kila kiambishi kina kiti chake kimoja ambacho hakihamishwi. Kwa kuanzia vitano vinatosha:

| Mtenda | Wakati | Mtendwa | Shina | Kiishio | Neno |
|---|---|---|---|---|---|
| a | me | ku | pigi | a | amekupigia |
| tu | li | m | pigi | a | tulimpigia |
| ha | ta | ni | pigi | a | hatanipigia |
| si | – | ku | pigi | i | sikupigii |
| si | ku | – | pigi | a | sikupigia |
| si | ku | ku | pigi | a | sikukupigia |

Hapo nimeunganisha mzizi *pig* na kile *i* cha kutendea kuwa shina moja, *pigi*, kwa sababu wanafunzi wako hawahitaji kuvitenganisha sasa. Rejeshi (*anayenipigia*, *aliyenipigia*) ina kiti chake kati ya wakati na mtendwa. Achana nayo mpaka viti hivi vitano vizoeleke.

Tazama mistari mitatu ya mwisho. Makosa mawili ya wanafunzi wako yamo humo, na yote mawili ni maneno halali ya Kiswahili, ila yanasema jambo jingine. "Sikupigii" ni ya wakati uliopo: kiti cha wakati kiko wazi, *ku* imekaa kwenye kiti cha mtendwa, yaani wewe, na neno limeishia na *i*. Maana yake sina kawaida ya kukupigia, au sikusudii kukupigia. "Sikupigia" ina *ku* moja pia, lakini hiyo imekaa kwenye kiti cha wakati na kiti cha mtendwa kiko wazi. Hapo msikilizaji anajua ni jambo lililopita, ila anabaki anasubiri: hukumpigia nani? "Sikukupigia" ina *ku* mbili kwa sababu viti vyote viwili vimekaliwa. Ya kwanza ni jana, ya pili ni wewe. Mgeni akisikia *ku* mbili mfululizo hudhani amekosea kwa kurudia, akaitupa moja. Mwambie mapema kwamba hakuna kilichorudiwa.

Sasa vipande vyenyewe. Jedwali la nafsi liwe na safu tatu, na zikae bega kwa bega, si kwenye kurasa tofauti:

| Nafsi | Mtenda, yakinishi | Mtenda, kanushi | Mtendwa |
|---|---|---|---|
| mimi | ni | si | ni |
| wewe | u | hu | ku |
| yeye | a | ha | m |
| sisi | tu | hatu | tu |
| nyinyi | m | ham | wa |
| wao | wa | hawa | wa |

Ukiziweka hivi, mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba mtendwa si orodha mpya ya kukariri. *Ni*, *tu* na *wa* ya wao hazibadiliki. Zinazobadilika ni tatu tu: *u* inakuwa *ku*, *a* inakuwa *m*, na *m* ya nyinyi inakuwa *wa*. Nje ya hizo tatu hakuna mabadiliko popote, hata kwenye ngeli za vitu. *Kitabu kimeanguka, nimekiokota. Barua zimefika, nimezisoma. Embe limeiva, nimelichuma. Mlango umefungwa, nani ameufunga?* Kiambishi kilekile kinachokaa kwenye kiti cha mtenda ndicho kinachohamia kiti cha mtendwa bila kubadili sura. Kwa hiyo usitengeneze jedwali la pili la ngeli kwa ajili ya mtendwa. Ukilitengeneza, wataamini kuna kitu kipya humo na wataanza kukitafuta.

Safu ya ukanushi nayo ina mambo matatu ya kushika. Kanuni ni kuweka *ha* mbele ya mtenda: *hatu, ham, hawa*, na kwenye ngeli *haki, havi, hali, haya, hai, hazi*. Umoja wa nafsi ndio wenye ukorofi: mimi inachukua *si* mahali pa *hani*, *ha* na *u* zinaungana kuwa *hu*, na *ha* na *a* zinaungana kuwa *ha*.

Kuna jambo dogo la matamshi. Shina likianza na irabu, *m* ya yeye inakuwa *mw*: *nimemwona, nilimwita, amemwambia*. Mbele ya *u* utakuta *amemuuliza* na *amemwuliza*. Ya kwanza ndiyo imezoeleka zaidi. *Ku* nayo hubanwa na wengi: *nakuambia* na *nakwambia* zote sawa. Chagua moja ya kuandikia na uwazoeshe kuisikia nyingine.

Nyakati ziwe nne tu kwanza, na hapa safu ya kiishio ni lazima, kwa sababu ndiyo iliyokosekana wanafunzi wako waliposema "sikupigii jana":

| Wakati | Yakinishi | Kanushi | Kiishio cha kanushi |
|---|---|---|---|
| sasa | na | (kiti wazi) | i |
| uliopita | li | ku | a |
| ujao | ta | ta | a |
| timilifu | me | ja | a |

*I* inatokea mahali pamoja tu, kwenye kanushi ya sasa. Mwanafunzi akishasikia *sisomi, hatuli, hawaji*, anadhani *i* ndiyo alama ya ukanushi, anaisambaza kila mahali: "sitasomi", "sijasomi", "sikusomi". Mbili za kwanza ni makosa ya wazi na mtu yeyote atayasikia. Ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu "sikusomi" ni neno kamili. Msomaji analipasua kama *si-ku-som-i* na kuelewa kwamba mimi sikusomi wewe, kwa mfano magazeti unayoyaandika.

Kutokana na hapo unaweza kuwapa njia ya kuisoma *ku* inayokuja baada ya kiambishi cha kukanusha, na ndiyo njia ninayoithamini kuliko maelezo yote marefu ya sarufi. Waangalie mwisho wa neno kwanza. Kama ni *ku* moja na mwisho ni *i*, hiyo ni wewe na jambo ni la sasa: *hakupendi, hatukuoni, sikupigii*. Kama ni *ku* moja na mwisho ni *a*, hiyo ni wakati uliopita, si wewe: *hakupenda, hatukuona, sikupiga*. Kama ni *ku* mbili, kwa kawaida ya kwanza ni wakati na ya pili ni wewe: *hakukupenda, hatukukuona, sikukupigia*.

Njia hii ina mpaka, nao uwajulishe usije ukaonekana umewadanganya. Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu havibadilishi irabu ya mwisho: *-jibu, -samehe, -sahau, -fikiri, -furahi*. Kwa hiyo "sikusahau" inaweza kuwa *si-ku-sahau* ya jana, sikusahau kufunga mlango, au *si-ku-sahau* ya sasa, wewe rafiki yangu sikusahau. Herufi hazisaidii hapo. Ni maneno yaliyoizunguka ndiyo yanayoamua. "Sikujibu" na "sikusamehe" ni vilevile. Ila ukiweka *ku* mbili utata unaondoka: *sikukusahau* haiwezi kuwa kitu kingine. Kwenye vitenzi hivihivi *hu* nayo inaleta utata wa aina hiyo. *Husomi* na *husoma* zinatofautishwa na kiishio, ya kwanza ikiwa wewe unayekanushiwa na ya pili ikiwa *hu* ya mazoea isiyotaja nafsi. Lakini *hujibu* ni moja kwa zote mbili: "Mbona hujibu?" na "Yeye hujibu barua zote."

Njia hiyo ina mwiba mwingine, nao ni *ku* ya mahali, kwa sababu hiyo hukaa kiti cha mtenda. Linganisha *hakuwa na maji* na *hakukuwa na maji*. Ya kwanza ni ya mtu: *ha* (yeye), *ku* ya wakati, *wa*. Alisafiri na hakuwa na maji. Ya pili ni ya mahali: *ha*, *ku* ya mahali, *ku* ya wakati, *wa*. Tulifika kijijini na hakukuwa na maji. Wageni huisema ya kwanza wakikusudia ya pili, na msikilizaji anabaki anauliza nani huyo ambaye hakuwa na maji. Fundisha *hakukuwa na* kama kifungu kizima, kwa kuwa kinahitajika kila siku.

Iko *ku* nyingine inayosumbua, ile ya *ninakula, anakuja, amekunywa*. Hii si mtendwa wala si wakati. Ni *ku* ya kitenzi jina (*kula, kuja, kunywa*) iliyobaki ndani ya neno ili mkazo upate pa kutua. Mkazo wa Kiswahili hutua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Shina kama *-la* lina silabi moja, kwa hiyo silabi iliyo nyuma yake ndiyo inayobeba mkazo. *Na, li, ta, me* na *nge* haziwezi kubeba. Zikikaa jirani na *-la* lazima *ku* iingie kati: *ninakula, nilikula, nitakula, nimekula, ningekula*. Lakini *ki, ka, ja, hu*, *ku* ya ukanushi, viambishi vya mtenda na vya mtendwa vinaweza kubeba, na hapo *ku* ya kitenzi jina haina kazi tena: *nikila, akala, hula, sikula, sili, nile*.

Kanuni hiyo ijaribu mwenyewe kwenye ukanushi. Ingekuwa *ku* inaondoka kwa sababu ya kukanusha, tungesema "hatala" kwa wakati ujao. Hatusemi hivyo, tunasema *hatakula*, kwa kuwa *ta* ni ileile isiyobeba mkazo. Na *hakula* ina *ku* moja tu, ya wakati uliopita, ambayo inatosha kubeba. Mwanafunzi anayesema "hakukula" akikusudia kwamba mtu hakula chakula, ameongeza *ku* ya pili isiyohitajika, na neno lake sasa linasema kwamba fulani hakukula wewe.

Kwa *ja*, kanuni inatoa *sijala, hajaja, hatujanywa*. *Sijakula* na *hajakuja* utazisikia sana mitaani, na mgeni wako atazisikia tangu siku ya kwanza. Ushauri wangu ni kuwafundisha *sijala* kwa kuandika na mitihani, na usiwakatize wanapoongea wakisema *sijakula*. Kinachostahili kukatizwa ni kuchanganya *sijala* na *sikula*. Ukimuuliza mgeni saa saba "Umekula?" akajibu "Sikula", amefunga mlango: wakati wa kula umepita na hakula. "Sijala" inaacha sufuria mezani. *Me* inakanushwa kwa *ja* katika mazungumzo kama haya, na *li* kwa *ku*.

Mtendwa naye akiingia anaifukuza *ku* ya mkazo, kwa kuwa anaubeba mwenyewe: *maji ameyanywa, nyama paka ameila*. Na *-pa* ndiyo pekee kati ya vitenzi vifupi vya kila siku isiyochukua *ku* ya mkazo hata mara moja, kwa sababu lazima iwe na anayepewa. Kwa hiyo *anakula* na *anakupa* zinafanana kwa macho tu. *Ku* ya kwanza ni ya mkazo, ya pili ni wewe. Mgeni anayesema "anakupa pesa kwa maskini" ameichukulia *-pa* kama *-la*. Alipaswa kusema *anawapa maskini pesa*. *-enda* na *-isha* zinaruhusu njia mbili, *anaenda* na *anakwenda*, *imeisha* na *imekwisha*, na zote ni sahihi.

Sasa turudi kwenye kiti cha mtendwa, maana hapo ndipo jedwali likiwa sahihi mwanafunzi bado anaweza kukosea. Jambo la kwanza: kiti ni kimoja. Kitenzi kikiwa na mtu na kitu, mtu ndiye anayekaa na kitu kinatajwa baadaye kwa jina lake. *Nimemnunulia mtoto viatu. Nimempa kitabu.* Usikubali "nimekimpa" wala "nimevimnunulia". Wanaotoka kwenye lugha zinazoruhusu kusema "nimempa-hicho" kwa pamoja watajaribu kukalisha wawili. Wakitaka kukitaja kitu bila jina, wanakiweka nje: *nimempa hicho*, *nimemnunulia hivyo*.

La pili: mtendwa akiwa mtu anayejulikana, kiambishi kinakuja hata kama jina lake litatajwa. *Nimemwona Juma. Ulimwambia mama? Tuliwakuta wageni.* Wasomaji wa mashariki na magharibi ya bara mtasema kwamba "nimeona Juma" inasikika, na ni kweli, hasa Nairobi. Katika Kiswahili sanifu inachukuliwa kuwa pungufu. Kwa kitu hali ni tofauti, na tofauti hiyo ina maana. *Nimesoma kitabu* inajibu swali la ulikuwa unafanya nini, kitabu chochote. *Nimekisoma kitabu* ni kile tunachokijua sote wawili, ulichoniazima wiki iliyopita. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kiambishi cha kitu ni cha hiari anakiacha milele. Afadhali umwambie kwamba kinatumika kitu kinapokuwa kimeshatajwa au kinajulikana, halafu umsikilize akichagua.

La tatu ni *wa*, ambayo inabeba nyinyi na wao. *Nitawapigia* haisemi ni nani kati yao. Penye utata tunaongeza *-eni* mwishoni: *nitawapigieni* ni nyinyi bila shaka. Na *m* inafanya mchezo kama huo kwenye ukanushi: *hampigi* inaweza kuwa *ham-pig-i*, nyinyi hampigi, au *ha-m-pig-i*, yeye hampigi yule. Usiliweke hili kwenye jedwali. Lisubiri litokee darasani, kisha wapasulie neno ubaoni njia zote mbili.

Amri na maombi yaandikie karatasi ya pembeni, kwa sababu kiti cha mtenda na cha wakati vinaachwa wazi na kiishio kinabadilika mtendwa akiingia: *piga*, lakini *nipigie, mpigie, tupigie*, kwa kukataza, *usinipigie, msitupigie*. Kosa la kawaida ni "nipigia kesho". Ukimwonyesha kwamba mtendwa kwenye amri anakuja na *e*, na kwamba vile vitenzi vya *-jibu* na *-samehe* havibadiliki (*nijibu, nisamehe*), umemaliza.

Namna ya kulitumia jedwali darasani ndiyo itakayoamua. Kata vipande vya manila, rangi moja kwa kila kiti. Kwa *-pigia* unahitaji vipande vya mtenda 12, vya wakati saba (*na, li, ta, me, ku, ja* na kimoja kitupu cha kanushi ya sasa), vya mtendwa vitano na kimoja kitupu, shina kimoja, viishio viwili. Wanafunzi wanajenga neno mezani huku wakilitamka. *Ku* iwepo mara mbili kwa rangi mbili, ya wakati na ya mtendwa. Hiyo pekee ndiyo inayowafanya waache kuitupa moja.

Kisha fanya zoezi la kubadili kiti kimoja tu kwa mpigo. Anza na *amenipigia*. Badili mtendwa: *amekupigia, amempigia, ametupigia, amewapigia*. Rudi mwanzo ubadili wakati: *ananipigia, alinipigia, atanipigia*. Rudi tena ukanushe: *hajanipigia, hanipigii, hakunipigia, hatanipigia*. Mwisho badili mtenda na mtendwa pamoja mpaka ufike *sikukupigia, hukunipigia, hatukuwapigia*. Usiruke hatua. Anayebadili viti viwili kabla ya kimoja kutulia ndiye atakayerudi kukariri picha. *Hukunipigia* inastahili kurudiwa mara kadhaa, kwani *hu-ku* ya wewe uliyekanushiwa inawakwaza karibu wote. Wanasikia *ku* na kudhani ndiyo "wewe", kumbe wewe yuko kwenye *hu*.

Kwa kupima kama wameelewa, usiwape kitenzi cha kuunda, wape cha kupasua. Mimi ningewapa methali hii: *Zimwi likujualo halikuli likakwisha*. Waulize *ku* zilizomo zimekaa viti gani. *Likujualo* ni *li* ya zimwi, *ku* ya wewe, *jua*, kisha rejeshi *lo* mwishoni kwa kuwa hakuna kiambishi cha wakati. *Halikuli* ni *ha*, *li*, kiti cha wakati wazi, *ku*, *l*, na *i*. Mwisho ni *i*, kwa hiyo *ku* ni wewe na jambo ni la siku zote. Ingekuwa *halikula*, zimwi halikula kitu jana. Ingekuwa *halikukula*, wewe hukuliwa jana. Na *likakwisha* ina *li*, *ka*, kisha *ku* ya wewe iliyobanwa kuwa *kw* mbele ya *isha*: likakumaliza kabisa. Mwanafunzi atakayeitofautisha *halikuli* na *halikula* kwa kutazama irabu moja ya mwisho hatakuambia tena "sikupigii simu jana".